Sekunde Tisa za Mjane

Nimerudi Bariadi na rekodi za wajane niliowahoji Java, kule Indonesia. Hapa hakuna mwingine anayejua Kijava, kwa hiyo natafsiri peke yangu, nimefunga dirisha ng'ombe wa jirani wasinivuruge.

Mmoja nilimuuliza anakula na nani. Alinyamaza, kisha akaacha lugha ya heshima aliyokuwa akinipa kama mgeni, akajibu kwa lahaja ya kwao: "Peke yangu."

Mwenzangu wa Java, tunayeandika naye makala, aliongeza kwa Kiingereza kwenye tafsiri yangu kwamba mjane alijibu kwa huzuni. Nikafuta. Huzuni ameisikia wapi? Nikaweka urefu wa ule ukimya tu, (sekunde 9), na tanbihi kuhusu ile lahaja.

Jana dada alipiga simu kutoka Lalago, akaniuliza siku hizi nakula na nani.

Nilinyamaza mpaka akadhani mtandao umekata.