Mifuko Arobaini na Nyongeza Yake

Mektrida wa Kilema alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la watu wazima la parokia, na hakujifunza kwa kupenda vitabu. Mumewe alipofariki, shemeji yake Fabian alimletea karatasi akiwa bado kwenye matanga. Akamwambia ni ya chama cha kahawa, aweke dole gumba tu. Akaweka. Msimu uliofuata kihamba, shamba la ukoo walilokuwa wakiishi, kilikuwa cha Fabian, migomba na mibuni yote, na pale mtaroni alipozoea kuchota maji Mektrida akawa anapita kama mgeni. Waliosoma ile karatasi walisema imekaa sawasawa. Ndiyo shida ya karatasi: zinakaa sawasawa.

Tangu hapo hakuna mtu aliyemwekea karatasi mbele bila kuumia. Mganga wa zahanati alisomeshwa cheti mara tatu. Padri mwenyewe alisomeshwa risiti ya zaka. Lakini ni tabia hiyo iliyowafanya wanawake kumi na tisa wa kikundi cha unga wampe yeye ufunguo wa stoo. Walimcheka, wakamwiga anavyobana macho, kisha wakampa ufunguo. Unga wa ndizi za kitarasa ukiingia aliupima, ukitoka aliupima, na kwa miaka mitano haukuwahi kupungua kilo moja.

Kwa hiyo siku oda ya kwanza ya Nairobi ilipokuwa inatoka, yeye ndiye aliyeandika hati ya kupeleka mzigo, kwa Kiswahili, kwa herufi zake kubwa zinazoegemeana. Calvin, dereva wa Fuso, aliteremsha mzigo kutoka Kilema hadi Himo, na Mektrida akakaa mbele pamoja na mwenyekiti wao, Hilda. Saa tatu asubuhi walikuwa kwa Mzee Ildefonce.

Mzee Ildefonce alikuwa karani wa chama cha ushirika tangu enzi za mashine za chapa. Sasa ana chumba kimoja kando ya barabara ya Holili, kompyuta moja, na kikombe cha chai ambacho hakijawahi kuonekana kimekwisha. Wakala wa forodha wa pale Holili, mpakani, hapokei karatasi za Kiswahili ikiwa mnunuzi wa Kenya ametaka Kiingereza, na wakulima wengi wa mlimani hawasaini Kiingereza wasichokijua. Katikati ya hao wawili ndipo mzee anapopata ugali wake, kwa kutafsiri.

"Shikamoo, mzee," Hilda alisema. "Tuna haraka kidogo. Calvin anataka kuvuka kabla ya saa sita."

"Marahaba. Haraka mmeiacha Kilema, huku kwangu ni pole pole. Mama Denis, kaa hapo penye mto. Kile kiti kingine kinang'ata."

Mektrida akakaa. Alimpenda yule mzee, ingawa asingemwambia mtu. Alikuwa mwanamume wa kwanza aliyemsomea karatasi bila kuruka mstari.

Mzee alizipanga karatasi tatu mezani, moja kando ya nyingine, kama mtu anayepanga mahindi ya kuchoma. Oda ya Nairobi ilikuwa ya Kiingereza. Hiyo aliigeuza Kiswahili kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Unga wa ndizi kitarasa, mifuko arobaini ya kilo ishirini na tano. Bei shilingi elfu tatu na mia tano za Tanzania kwa kilo. Malipo siku thelathini tangu kupokewa ankara sahihi pamoja na hati ya mzigo iliyosainiwa ghalani. Kodi na gharama za kuingiza bidhaa Kenya ni juu ya mnunuzi. Mzigo unaozidi oda hautapokelewa.

Akaivuta ankara ya Hilda. Hapo akaguna.

"Hii kodi ya asilimia kumi na nane mmeitoa wapi? Laki sita na thelathini elfu."

"Kwenye ankara ya duka la mabati," Hilda alisema. "Nilidhani kila ankara inakuwa nayo."

"Duka la mabati limesajiliwa VAT. Ninyi hamjasajiliwa, mauzo yenu hayajafika huko. Asiyesajiliwa hatozi. Hata mngekuwa mmesajiliwa, mali inayouzwa nje ya nchi inatozwa sifuri. Ukimwandikia Mkenya kumi na nane, atakurudishia karatasi kabla hajafungua mfuko."

"Basi weka sifuri."

"Sifuri ni ya aliyesajiliwa. Yenu tunaandika: VAT haitozwi, muuzaji hajasajiliwa." Akakata mstari kwa kalamu. "Na hapa umeandika siku kumi na nne za kulipwa. Oda mliyoikubali inasema thelathini."

"Kumi na nne ni nzuri zaidi."

"Hata mimi napenda. Lakini ankara inafuata oda, hailumbani nayo."

Hilda akacheka, akafunika uso kwa kanga. Mzee akaivuta hati ya mzigo. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena. Chai ikabaki hewani.

"Mama Denis. Mifuko arobaini, halafu mstari wa pili: nyongeza, mifuko miwili."

"Ndiyo."

"Imo kwenye gari arobaini na miwili?"

"Nimehesabu mwenyewe ikipanda. Nikahesabu tena ikiwa juu."

Hilda akamgeukia. "Uliweka nyongeza bila kuniambia?"

"Tangu lini nyongeza inaombewa ruhusa? Mtu akija kwako mara ya kwanza ukampimia maziwa, hummwagii kidogo juu? Tuwapelekee watu wa Nairobi mzigo wa kwanza mkavu, wamenyimwa?"

Mama yake Hilda mwenyewe hakuwahi kuuza mkungu bila kuongeza chane. Kilema nzima iko hivyo. Muuzaji asiyeongeza hasemwi kwa sauti, lakini anasemwa.

"Mzee," Hilda alisema taratibu, "kwenye Kiingereza andika arobaini tu. Hii ya Kiswahili ibaki kwetu. Nani atajua?"

Mektrida akaikumbuka siku Fabian alipogeuza mgongo. Karatasi ya lugha asiyoijua, yenye jina lake chini, inayosema kisichokuwepo. Walikuwa wamekuja kumwekea tena, na safari hii si shemeji, ni Hilda, aliyelia naye usiku wote mumewe alipofariki.

"Sisaini," alisema.

"Mama Denis, ni mifuko miwili."

"Sisaini, Hilda. Ufunguo wa stoo huu hapa." Akauweka mezani juu ya oda ya Nairobi. "Tafuteni anayejua kuhesabu arobaini akiona arobaini na mbili."

Hilda akautazama ule ufunguo kama mtu aliyeona nyoka jikoni. Alijua kuwa bila Mektrida stoo itageuka shamba la bibi kwa wiki mbili.

Mzee Ildefonce akashusha kikombe. "Mimi natafsiri, mama mwenyekiti. Kilichoandikwa arobaini na mbili, kwa Kiingereza kinabaki arobaini na mbili. Na pale Holili kuna watu wanaopanda juu ya gari wakahesabu. Wakikuta miwili haimo kwenye ankara, gari zima linalala."

"Tuishushe basi," Hilda alisema.

"Mnaweza. Ndiyo njia fupi." Akamtazama Mektrida. "Au mumwulize mwenye oda."

Hilda akapiga simu, akaiweka sauti ya nje. Msichana wa manunuzi wa Nairobi aliitwa Evelyn.

"Oda ni forty," Evelyn alisema. "Ziada stoo hawawezi pokea. Hiyo mbili ni ya nini sasa?"

Hilda akaanza kueleza, akajikwaa. Mektrida akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mwanangu, hujambo."

"Sijambo, shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo miwili si ya kuuza. Ni ya mkono wetu. Ni mara ya kwanza mnachukua kwetu."

Kisha wakasikia kicheko cha chini. "Mama, mnataka kunipea shida na mfumo. Mfumo haujui zawadi."

"Usijali, utaufundisha."

"Ngoja niulize mkubwa wangu."

Walingoja. Calvin alichungulia mlangoni, akauliza kama wameanza kuandika Biblia, akaambiwa akanunue mahindi. Baada ya robo saa Evelyn akapiga.

"Amekubali. Natuma oda iliyorekebishwa, namba ni ileile, marekebisho ya kwanza. Mstari wa pili, mifuko miwili, bei sifuri. Lakini kwa ankara mwandike thamani yake ya forodha. Forodha yetu haiangalii kama mmenipa bure, inataka kujua kitu kina thamani gani. Kodi yake tutalipa sisi."

Mzee alikuwa keshaanza kuandika. Mifuko arobaini, kilo elfu moja, shilingi milioni tatu na laki tano. Mifuko miwili, bila malipo. Thamani kwa ajili ya forodha tu, laki moja na sabini na tano elfu. Kinachodaiwa: milioni tatu na laki tano. Oda mpya ilipoingia aliitafsiri nayo, akaandika namba yake na neno la marekebisho kwenye ankara na kwenye hati ya mzigo, ili zote tatu ziitane. Wakala wa Holili angejaza cheti cha asili ya bidhaa kwa kuzitazama hizo.

Alipochapa, alimsomea Mektrida. Kidole kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili, mstari kwa mstari.

"Rudia pale penye mifuko miwili."

Akarudia.

"Umesoma kilichoandikwa au unachokijua?"

Mwanamume mwingine angekasirika. Mzee Ildefonce aliinuka, akaenda mlangoni, akamwita Calvin, ambaye aliwahi kubeba mizigo ya watalii mlimani na Kiingereza kilimwingia huko.

"Soma hapa. Mimi natoka nje nisije nikakunong'oneza."

Na kweli akatoka, akasimama juani na kikombe chake. Calvin akasoma huku anatafuna hindi. Mifuko arobaini. Mifuko miwili, bure. VAT hakuna, hawajasajiliwa. Siku thelathini.

"Kuna lingine chini?"

"Jina lako, mama. Na mahali pa kusaini. Tunaweza kwenda?"

Mektrida akachukua kalamu. Hilda akausogeza ufunguo ukingoni mwa meza, upande wa Mektrida. Mektrida akauacha pale kidogo, ili Hilda ajue. Kisha akautia kifuani.

Nakala zilikuwa nne: ya dereva, ya wakala, ya ghala la Nairobi, ya stoo. Alisaini kila moja taratibu, herufi zikiegemeana, na kwa kila moja alisoma namba arobaini, kisha mbili, kabla ya kugusa karatasi. Calvin alipiga honi mara mbili. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Mzee anasimama juani kwa ajili yetu," Hilda alisema. "Mwite aingie."

"Mwache amalize chai," Mektrida alisema, na akaivuta nakala ya nne.