Aliyepiga Hakujitaja

Simu ilitetema mfukoni mwa ovaroli wakati Mama Funguo amepiga magoti mbele ya duka la nguo, akivuta kipande cha ufunguo kilichovunjikia ndani ya kitasa. Hakuitazama. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na saa moja na nusu ni saa ya mama mdogo. Angetuma nini? Ua lenye umande, au kikombe cha chai kinachofuka moshi, chini yake dua ndefu, na chini kabisa amri ya kuwapelekea watu saba. Hujambo haimo. Jina halimo. Neno la mama mdogo mwenyewe halimo hata moja.

Mwenye duka alisimama nyuma yake akimwambia atumie nguvu.

"Nguvu ndiyo iliyotufikisha hapa, dada," alijibu Mama Funguo, akapuliza unga wa penseli ndani ya tundu na kuingiza ndoano yake nyembamba. Kipande kikatoka taratibu. Mwenye duka akaona haya, maana nguvu zilikuwa zake.

Mama Funguo ndiye fundi vitasa pekee wa kike katika mtaa ule, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mabega mapana, vidole vyembamba kama si vyake. Jina la utani alilipata kabla hajazaa, na hata sasa hana mtoto, lakini mtaa ukishakubatiza umekubatiza. Yeye na kaka yake walilelewa na mama mdogo, mdogo wa mama yao, tangu mama yao alipofariki wangali wa kuvaa kaptura na magauni ya shule. Na mama mdogo alikuwa opereta. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya ubao wa simu, vipokea sauti masikioni, akichomoa waya hapa na kuchomeka pale, akiunganisha watu asiowaona. Nyumbani alikuwa mkimya. Maneno yote aliyaacha kazini, na hata hayo hayakuwa yake.

Kaka mtu anafundisha hesabu, na ana maradhi ya walimu wa hesabu: hawezi kuona kosa akalipita. Mwaka juzi mama mdogo alipotuma kwenye kundi la familia kwamba maji ya baridi hugandisha damu, kaka aliandika mbele ya watu wote ishirini na tatu, "Mama mdogo, naomba uache kusambaza upuuzi," akaweka na maelezo kwa namba, moja hadi sita. Alikuwa sahihi kuanzia moja mpaka sita. Mama mdogo alijitoa kwenye kundi bila kusema kitu. Wiki saba hakutuma ua wala kikombe. Katika wiki ya saba aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, nao wakaja kuambiwa na jirani siku ya tatu, wakati watoto wenyewe wapo, wazima, wana simu.

Tangu hapo Mama Funguo alijiwekea utaratibu wake. Ujumbe ukija, haupeleki kwa mtu. Wala hasemi ni wa uongo. Anaandika, "Nimekuona, mama mdogo. Umeamkaje?" na baada ya dakika mbili au tatu linarudi neno moja: "Salama." Neno hilo moja ndilo alilokuwa akilitaka, na alilipenda kuliko maua yote yaliyowahi kupigwa picha.

Basi alipomaliza kusugua ufunguo mpya kwa tupa na kuujaribu mara tatu, akafuta mikono na kufungua simu.

Hapakuwa na ua. Juu kulikuwa na ile mishale miwili midogo na maneno "umesambazwa mara nyingi". Chini yake, herufi kubwa tupu: daktari bingwa wa hospitali kubwa amefichua siri, vidonge vya presha vinaua figo kimya kimya, viache leo, kunywa maji ya limau na kitunguu saumu siku saba, utapona kabisa. Wapelekee watu kumi na wawili kabla jua halijazama. Mama mmoja aliupuuza, na kabla ya wiki kwisha alizika mwanawe.

Aliandika kama kawaida: "Nimekuona, mama mdogo. Umeamkaje?"

Alama za kusomwa zikageuka buluu. Dakika tano. Dakika kumi. Salama haikuja.

Mama mdogo anameza vidonge vya presha kila asubuhi, na mwaka jana muuguzi wa kliniki aliwaambia, kwa sauti isiyo na mchezo, kwamba dawa hiyo haiachwi ghafla, presha inaweza kupanda ikamwangusha mtu. Swali lilikuwa moja tu: ameacha, au hajaacha?

Simu ikaita. Kaka.

"Na mimi nimeletewa," alisema. "Safari hii siwezi kunyamaza, dada. Hii si maji ya baridi."

"Ni kweli. Lakini usiandike."

"Tumwache afe kwa adabu?"

"Nipe mpaka saa nne. Ukimkaripia atajifungia, na akijifungia hatutajua kama amekunywa au hajanywa. Nani ataingia pale?"

Kaka aliyakumbuka vizuri yale ya bafuni. "Saa nne," alisema. "Saa nne na dakika moja naandika."

Mama Funguo alikaa juu ya sanduku lake la vifaa. Aliandika, "Mama mdogo huu ni uongo," akafuta. Akafikiria kutuma kidole gumba, akaona kidole kitasema amekubali, na mama mdogo ataendelea na limau lake akiwa na shahidi. Kunyamaza nako kungesema vilevile. Mwisho akaandika hivi:

"Shikamoo mama mdogo. Ujumbe nimeupata. Naona umetufikiria, nashukuru. Nimesimama hapo kwenye figo. Kuna kitu mwilini kinakusumbua? Nakupigia sasa hivi."

Akapiga. Opereta hawezi kuacha simu ikalia. Ni mazoea yaliyoingia kwenye mifupa.

"Marahaba," alisema mama mdogo, akiijibu shikamoo ya kwenye maandishi.

"Pole na asubuhi. Niambie tu, mimi sina haraka."

Haraka alikuwa nayo, tena ya kutosha mtaa mzima, lakini hakuionyesha.

"Miguu," alisema mama mdogo mwishoni. "Inavimba. Tangu waliponibadilishia vidonge. Viatu haviingii. Nikaona hapa wanasema figo, nikajua ndiyo hiyo."

"Mbona hukusema?"

Alijuta neno hilo lilipomtoka, akalirekebisha upesi. "Imekutia hofu, mama mdogo. Hata mimi ingenitia."

"Nimeacha tangu juzi, miguu ilipozidi." Sauti ilikuwa ndogo. "Kichwa kinaniuma kidogo."

Mama Funguo alifumba macho. Jibu alikuwa amelipata, na halikuwa zuri, lakini sasa lilikuwa mkononi. Angeweza kumwambia habari za daktari asiyekuwepo, angeweza kumsomea namba moja hadi sita. Badala yake akakumbuka utotoni, siku za likizo, akiwa amekaa chini ya meza ya ubao wa simu akichezea mabaki ya nyaya, akisikia ile sauti ya juu yake ikirudia jambo moja kutwa nzima.

"Mama mdogo, nikuulize kitu cha kazini kwako. Mtu akipiga, akataka umuunganishe, ulikuwa unamwambia nini kwanza?"

"Nani anapiga, na anamtaka nani."

"Na asiyejitaja?"

"Asiyejitaja simuunganishi. Hata awe na sauti ya waziri. Kulikuwa na watu wanapiga kutisha wenzao, ukiwaunganisha dhambi ni yako."

"Na huyu wa leo, alisema yeye ni nani?"

Mama mdogo aliitoa simu sikioni, na Mama Funguo akamsikia akisoma tena kwa kunong'ona: daktari bingwa, hospitali kubwa.

"Hakujitaja," alisema mama mdogo polepole. "Bingwa gani? Hospitali ipi? Hakujitaja huyu." Halafu, kwa sauti nyingine, ya mtu aliyebanwa: "Lakini mwanangu, kuna yule mama. Aliyezika. Mimi nimeshazeeka, balaa linipate tu. Lakini nina nyinyi wawili."

Hapo ndipo Mama Funguo alipoelewa maua. Miaka yote ile, kila asubuhi, alikuwa akidhani mama mdogo anatuma kwa sababu hana la kusema. Kumbe kila ujumbe ulikuja na tishio lake la chinichini, na mama mdogo aliuchukua akalipa kwa niaba yao, watu saba, watu kumi, ili wasipatwe. Alitaka kucheka, akajikuta analia, ovaroli yote mafuta, mbele ya duka la nguo la watu.

"Basi niachie mimi," alisema. "Umeshaufikisha, kazi yako imekwisha. Nitakaa nao hapa kwangu, hautoki. Kama kuna balaa, litanikuta nina nyundo."

Mama mdogo alicheka puani. Kucheka kwake ni huko tu.

"Vaa kandambili kama viatu haviingii. Chukua na boksi la vidonge. Nakuja tukamwonyeshe muuguzi hiyo miguu."

"Ngoja," alisema mama mdogo. "Wale niliowaunganisha? Nimeshapeleka kwa watu wanane. Yumo mwenzangu wa zamu ya asubuhi, naye anameza dawa hizihizi."

"Unaonaje?"

"Laini ikiungwa vibaya, aliyeiunga ndiye anayeichomoa." Akakata simu bila kuaga, kama alivyokata simu miaka thelathini na mmoja.

Saa nne kasoro dakika mbili, kaka na dada wakaupata pamoja, herufi ndogo, makosa mawili ya vitufe, bila mishale yoyote juu: "Ule ujumbe wa presha msiufuate. Aliyepiga hakujitaja. Mimi niliacha dawa kichwa kinauma, naenda kliniki sasa. Msiache dawa zenu bila kuuliza. Samahanini kwa usumbufu."

Kaka akatuma, "Asante mama mdogo. Nakuja kliniki na gari." Namba hakuweka.

Presha ilikuwa juu, si ya kulazwa ila ya kukaa kwenye benchi mpaka mchana ipimwe tena. Muuguzi aliibonyeza miguu, akamwita daktari, daktari akasema vidonge vile huwavimbisha baadhi ya watu, wapime figo wajiridhishe, na wabadilishe dawa. Figo zilikuwa nzima. "Vizuri umesema, mama," daktari alimwambia, na mama mdogo akatazama pembeni akijifanya hajasikia, kandambili zikimbana miguuni.

Kesho yake, saa moja na nusu, Mama Funguo alikuwa anapanga funguo ghafi, zisizochongwa bado, kwenye misumari ya ukuta wa kibanda chake. Simu ikatetema. Alifuta mikono kabla ya kuishika, hajui kwa nini.

Hapakuwa na ua, kikombe, wala mishale.

"Kidonge nimekunywa. Umeamkaje mwanangu?"

Alisimama akiitazama hata mteja aliyekuja akalazimika kukohoa. Kisha, kwa vidole vyake vyembamba, akaandika neno moja.

"Salama."