Sauti Iliyobaki Chini ya Meseji

Watu wengi walidhani Koki alipewa jina hilo kwa sababu ya ufundi bomba. Sivyo. Alipewa na dada yake mkubwa wakiwa bado watoto, kwa kuwa alikuwa bingwa wa kulia: akishaanza, hafungiki. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamfukuza kwenda shule asubuhi, na jina likamganda. Siku Koki alipomwambia kwamba ameamua kujifunza ufundi bomba, dada alicheka mpaka akaketi chini.

"Mimi nilishakuona zamani," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Koki alikuja kuwa fundi wa kutegemewa. Hakuwa na maneno matamu, ila akifunga bomba limefungwa, na likivuja tena anarudi bila kuitwa mara mbili. Kwa sababu hiyo wateja walipeana namba yake kama majirani wanavyopeana funguo. Mke wake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nyumbani walibaki wawili, yeye na binti yake wa pekee, aliyefanya kazi ya kupokea wateja kwenye ofisi moja ya mjini.

Shida ya Koki ilikuwa simu. Mtu aliyelala chali chini ya sinki, mkono mmoja umezuia maji na mwingine umekaza spana, hawezi kusema halo. Simu inaita mfukoni mpaka inachoka. Jioni akiitoa, anakuta vurugu: waliopiga wasipokelewe, waliotuma meseji za kawaida na za mtandaoni, na walioacha ujumbe kwenye kisanduku cha sauti cha kampuni ya simu. Mara nyingi ni mtu yuleyule amefanya yote matatu. Kuna siku alivuka mji mzima kwenda kwa mteja aliyekuwa amepiga asubuhi, akamkuta fundi mwingine anakusanya vifaa vyake. Meseji ya kumwambia asije ilikuwa imezama katikati ya nyingine. Siku hiyohiyo bibi mmoja, aliyeacha sauti tu kwa kuwa hajui kuandika meseji, alishinda anachota maji jikoni kwa sufuria.

"Baba, hii si kazi, ni mateso," binti alimwambia alipomwona kaketi na simu mkononi, miwani puani, buti hajavua. "Niachie mimi."

Siku ya mapumziko alikaa na simu ya baba yake. Aliweka programu inayochukua kila taarifa inayoingia, iwe simu isiyopokelewa, meseji au ujumbe wa sauti, na kuipeleka kwenye jedwali moja. Kila alfajiri jedwali lingemletea Koki orodha ya jana, tayari imepangwa.

Mwanzoni ilichekesha. Anayeacha sauti taarifa yake haitoki kwenye namba yake; inatumwa na kampuni ya simu, na namba ya aliyepiga imeandikwa ndani ya maneno. Kwa hiyo orodha ikawakusanya wote walioacha sauti kana kwamba ni mtu mmoja.

"Mwanangu," Koki aliuliza wakati wa chai, "huyu Kampuni ya Simu kapasukiwa na nini? Naona kanitafuta kutwa nzima."

Binti alicheka mpaka chai ikampalia. Akarekebisha: orodha ikawa inachomoa namba kutoka ndani ya taarifa na kuipeleka kwa mwenyewe. Kisha akaunganisha kila kitu kwa namba. Mtu mmoja, mstari mmoja. Juu jina lake na maneno ya meseji yake ya mwisho. Chini, kwa herufi ndogo za kijivu, simu ngapi hazikupokelewa na sauti ngapi ziliachwa. Ukishamjibu, mstari wake unahamia kwenye fungu la waliojibiwa, usikusumbue tena.

"Kwa nini meseji ya mwisho?" baba aliuliza.

"Kwa sababu watu wanabadilisha mawazo. Yule aliyekwambia usije, ungeona neno lake la mwisho usingeenda."

Koki aliona ni sawa. Na kweli mambo yalinyooka. Alianza kula chakula cha mchana ameketi, kitu ambacho hakukifanya kwa miaka. Dada yake, aliyekuwa akiishi peke yake mji wa pili, alipiga simu kumpongeza mpwa wake. "Umemfanya baba yako awe binadamu," alimwambia binti. "Sasa mtafutie na mke."

Halafu mvua zikaanza. Mvua zikianza, mabomba yaliyozikwa vibaya yanajitangaza yenyewe. Siku moja Koki alikuwa ndani ya shimo kwenye uwanja wa shule, maji yamemfika magotini, anatafuta mahali mrija mkubwa ulipopasuka. Simu aliiacha ndani ya gari isilowe. Orodha ya kesho yake ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuletewa. Aliisoma amesimama kando ya gari, injini inanguruma, akigusa mstari mmoja baada ya mwingine. Katikati akakuta jina la dada yake, na mbele yake maneno haya:

*Usihangaike mdogo wangu. Najua umebanwa na kazi. Tutaongea tu.*

Alitabasamu. Ndivyo alivyokuwa dada, siku zote hataki kumzidishia mtu mzigo. Akamjibu: *Sawa dada, nitakupigia jioni.* Mstari ukahamia kwa waliojibiwa. Zile herufi za kijivu chini yake hakuzitazama. Na mvua ile, na foleni ile ya watu waliofurikiwa, nani angezitazama? Jioni alirudi amechoka hoi, akasinzia kwenye kiti na bakuli mapajani.

Siku iliyofuata, saa za mchana, simu ililia mkononi mwake. Ilikuwa namba ya dada, lakini aliyezungumza alikuwa jirani yake.

"Fundi, uko na mtu karibu?" jirani aliuliza.

"Niko kazini. Kuna nini? Dada yuko wapi?"

"Tuko hospitali. Alifanyiwa upasuaji asubuhi." Jirani alivuta pumzi. "Hakuamka, kaka yangu. Pole sana."

Koki alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea la watu, spana bado mkononi. Mwenye nyumba alipokuja kuuliza kama maji yanaweza kufunguliwa, alimkuta analia kwa sauti kama mtoto, akafunga mlango taratibu akaenda kumpigia binti.

Walimzika dada. Msibani watu walimuuliza Koki marehemu alikuwa akiumwa nini, naye akawaelekeza kwa jirani. Jirani alisema ni uvimbe tumboni, ulikuwa umemwanza muda mrefu, na mgonjwa mwenyewe alikataza watu kusema. Hilo lilimkata maini. "Mimi ni mdogo wake," alirudia kumwambia binti njiani wakirudi. "Angeniambia mimi. Kwa nini hakuniambia?"

 Swali hilo halikumtoka binti kichwani, na walipofika nyumbani alifungua jedwali akautafuta mstari wa shangazi. Chini ya ile meseji, kwa kijivu, palikuwa na simu mbili zisizopokelewa na ujumbe mmoja wa sauti. Vyote vilitangulia meseji.  Ujumbe wa sauti hukaa siku chache tu kwenye kisanduku, kisha kampuni inaufuta. Huu ulikuwa haujafutwa bado.

Alimkuta baba yake barazani.

"Baba, shangazi alikuambia." Akamwonyesha mstari ule. "Aliacha sauti kabla ya ile meseji. Orodha iliiweka chini. Mimi ndiye niliyeipanga vile."

Koki alimpa simu yake. "Ipigie," alisema.

Binti alipiga namba ya kisanduku, akaweka spika. Kwanza ilisikika milango ikifunguliwa na kufungwa, mtu akiita jina la nesi. Kisha dada mwenyewe, akisema haraka kama mtu anayeiba muda:

"Koki, ni mimi. Usishtuke. Nipo hospitali, kesho kutwa wananipasua. Si jambo kubwa, wanasema. Sasa nesi kaniambia nije na ndugu, wa kunishikia mkoba na viatu nikiwa ndani. Nimemfikiria jirani, lakini… nataka uwe wewe. Sina la kukufanyisha, ukae tu pale nje. Naogopa kidogo, mdogo wangu. Usinicheke. Ukipata hii njoo."

Baada ya hapo sauti ya mashine iliwauliza kama wanataka kuhifadhi au kufuta. Hakuna aliyebonyeza kitu, ikakatika yenyewe.

"Alisubiri," Koki alisema. "Akaona sipigi. Ndipo akaniandikia nisihangaike."

"Nisamehe, baba."

"Alama ya sauti ilikuwepo pale?"

"Ilikuwepo. Lakini ndogo. Kwa kijivu."

"Basi mimi ndiye sikusoma."

"Baba, usiseme hivyo—"

"Nisemeje sasa?" Alisema kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwake, kisha akanyanyuka akaingia ndani.

Binti aliomba ruhusa ya kuirekodi sauti ile kwenye simu nyingine kabla haijafutwa. Alimwambia kupitia mlango uliofungwa. Baba alijibu hapana. Alisema hawezi kuishi na kitu hicho ndani ya nyumba.

Koki aliizima orodha. Kwa majuma kadhaa alirudia maisha ya zamani, simu zikimwangukia kutoka kila upande, akipigia huyu akimsahau yule. Wateja walianza kulalamika. Dari la mama mmoja mwenye mtoto mchanga lilianguka kwa sababu ujumbe wake haukusikilizwa kwa wakati, na Koki alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe ingawa useremala si kazi yake. Jioni hiyo aliiweka simu mezani mbele ya binti.

"Iwashe," alisema. "Lakini ipange upya."

Walikaa pamoja, bega kwa bega. Mtu aliendelea kuwa na fungu lake moja, ila kila sauti ikapewa mstari wake, kwa herufi kubwa kama za meseji, yenye saa yake. Kumjibu mtu kwa maandishi hakukuondoa tena sauti yake. Ilibaki palepale mpaka Koki mwenyewe aweke alama kwamba ameisikiliza. Na simu isiyopokelewa ikionyesha namba ya ndugu, ilipanda juu kabisa, hata kama chini yake pameandikwa hakuna shida.

"Watu wetu ndio wanaosema hakuna shida," Koki alisema, na binti akaandika bila kuinua kichwa.

Hawakuzungumza tena kuhusu siku ile. Waliulizana habari za kazi, walipikiana, walicheka pale palipochekesha, lakini kulikuwa na mahali ambapo mazungumzo yakifika, kila mmoja anatafuta cha kufanya.

Asubuhi moja, mvua zilikuwa zimeshakwisha, Koki alikuwa anafunga kamba za buti mlangoni. Binti alikuwa anapiga pasi nguo ya kazini.

"Ile ya shangazi yako," Koki alisema bila kugeuka, "ilishafutika?"

Binti aliiweka pasi wima. "Ndiyo, baba. Siku nyingi."

"Hukuirekodi?"

"Ulinikataza."

Koki aliitikia kwa kichwa polepole, akabaki ameinama pale, ncha za kamba vidoleni.

"Sawa," alisema. "Nilikukataza."

Akasimama, akachukua begi la vifaa, akamuaga binti yake, akatoka kwenda kazini.