Kabati Mlangoni

Usiku huo Wahu hakupata usingizi. Alikuwa akingoja simu ya binti yake, Waithira, aliyekuwa akiwajaribishia watu gemu aliyoitengeneza. Alfajiri simu ikalia.

"Mama, watu wote wamesema wenye nyumba wameenda kanisani."

Gemu yenyewe haikuwa na neno hata moja. Mchezaji ni mtoto anayemtafuta mama yake, na yaliyotokea anayasoma kwenye vyombo na mpangilio wa vyumba. Nyumba iliyomo ilikuwa ya Wahu, ile iliyochomwa kule Burnt Forest katika ghasia za baada ya uchaguzi. Haikubaki hata picha. Wachezaji wasipoielewa leo, kampuni aliyofanyia kazi Waithira ingeiondoa nyumba hiyo kwenye gemu.

Wahu alipanda bodaboda hadi ofisini kwa binti yake, mtaa wa Pioneer. Waithira alikuwa ameitengeneza nyumba ikiwa imevurugika, lakini Wahu ndiye aliyeng'ang'ania ipangwe. "Wageni waione hivyo? Watasema sijui kufagia!" Basi vitambaa vikarudi kwenye makochi, vikombe vikarudi kabatini, na wachezaji wakaona nyumba ya watu waliotoka kwa amani.

"Mama," Waithira alisema, "siku ile kabati lilikuwa wapi?"

Wahu alisokota ncha ya leso. "Tulilisukuma likaziba mlango wa mbele. Vikombe vikaanguka. Tukatokea mlango wa jikoni."

Waithira akaburuta kabati hadi mlangoni, akachora mikwaruzo sakafuni. Vitambaa akavitupa chini. Akamwaga unga mstari kuelekea jikoni, na kiatu kimoja cha mtoto akakiweka pale unga unapokatika. Mwishowe akafifisha taa ya sebuleni, akaacha mwanga mwembamba chini ya mlango wa nyuma, ule wa jikoni.

Wakamwita Chepkoech, muuza mitumba wa ghorofa ya chini, ambaye hakuwa ameiona gemu hiyo.

"Mama, tafadhali usimwambie kitu," Waithira alinong'ona. "Ukimwambia, hatutajua kama nyumba inajisemea."

Chepkoech alishika vidhibiti vya gemu, akaingia sebuleni, akacheka. "Ai! Huyu mama ni mvivu jamani! Vitambaa chini?"

Wahu aliuma midomo. Alikalia mikono yake.

Chepkoech alienda kwenye mlango wa mbele, kama wale wengine. Akasimama. Akaangalia kabati, akaangalia mikwaruzo. Kicheko kikakatika.

"Ngoja. Wamejifungia ndani." Aligeuka polepole. "Hapana, hawako. Wametoroka."

Akaufuata unga. Alipofika kwenye kile kiatu akakizunguka mara mbili, hata Waithira akaacha kuandika maelezo yake. Wahu alitaka kusema, mwanangu, ni huko, ni huko, songa. Hakusema.

"Woi, mtoto ametoka na kiatu kimoja," Chepkoech alisema, kama anayejisemea mwenyewe. Akauona ule mwanga chini ya mlango, akausogelea, akabonyeza kitufe.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mbele yake kulikuwa na shamba la mahindi, na mabua yaliyolala kuonyesha wenye nyumba walikopitia.