Subiri Nje na Akina Mama

Mlango wa chumba cha michezo ulipofunguliwa, binti yangu alimshika mkono mjomba wake, akaniambia kwa Kiingereza nisubiri nje na akina mama. Akina mama wenyewe walisikia. Mmoja alisogeza mkoba wake kwenye benchi ili nipate pa kukaa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika kliniki ndogo ya watoto mtaani Doornfontein, karibu na chuo kikuu. Kipindi cha Jumamosi kilikuwa cha akina baba na wanaume wengine wanaolea watoto; akina mama waliowasindikiza walisubiri nje. Mimi ndiye baba, na nilikaa kwenye benchi nikitazama dari.

Miezi michache kabla ya hapo, mwalimu wa chekechea alitueleza kwamba mtoto anang'ata wenzake na kutupa vitu kila anapoambiwa hapana. Alikuwa na miaka minne. Mwalimu akatuelekeza kliniki ile. Siku ya kwanza nilikwenda na mke wangu, na nikaangalia mahali kama ninavyoangalia kila mahali, maana kazi yangu ni kuchunguza madai ya ajali za magari kwa niaba ya kampuni ya bima. Ukutani palikuwa na picha za akina mama tu. Mama anayenyonyesha, mama anayesoma kitabu, mama anayepiga magoti. Dada wa mapokezi alinitazama mimi, kisha akamuuliza mke wangu jina la mtoto, siku aliyozaliwa na kama analala vizuri. Swali la usingizi nilikuwa na jibu lake, kwa kuwa mimi ndiye ninayemlaza. Hakuna aliyeniuliza. Baada ya siku hiyo nilikuwa nawapeleka na kubaki kwenye gari.

"Unaogopa nini humo ndani?" mke wangu aliniuliza siku moja tukiwa kwenye roboti, kama wanavyoita huku taa za barabarani, taa ikiwa nyekundu.

"Siogopi. Pale ni pa wanawake."

"Basi mtoto naye ni wa wanawake."

Kisha mwanasaikolojia wa kliniki akanipigia simu yeye mwenyewe. Awali ujumbe wote ulikuwa ukipitia kwa mke wangu. Aliniita Baba, kwa heshima ya Kizulu, akasema hakunipigia ili anilaumu. Alitaka kusikia mimi ninaona nini nyumbani, na wameanzisha kipindi cha Jumamosi kwa ajili ya wanaume wanaofanya kazi katikati ya juma. Nikamweleza kwamba mimi ndiye ninayemlaza, nikakubali kwenda. Jumamosi hiyo hiyo nikaitwa kukagua lori lililopinduka. Nikafanya kile ambacho mwanamume yeyote wa kwetu Kenya angefanya. Usipoweza kufika kwenye kikao cha mahari, humtuma mwenzako akae kwenye kiti chako, na lililosemwa mbele yake limesemwa mbele yako. Nikamtuma shemeji, mdogo wake mke wangu, anayeishi nasi hapa Kensington, si mbali na kliniki, huku akisomea shahada ya uzamili isiyoisha.

"Nisikilize au niseme?" aliuliza.

"Sikiliza tu. Uniletee habari."

Kumbe pale hakuna kikao. Anayekwenda ndiye anayefundishwa kucheza. Wataalamu humweka mtu na mtoto chumbani, wao wakatazama kupitia kioo cha upande mmoja na kumwelekeza kwa kidude cha sikioni. Kila siku nyumbani ni dakika tano: mtoto anaongoza, mtu mzima anamfuata. Usiulize maswali, usiamuru, usikosoe. Taja anachofanya, rudia anachosema, sifia jambo jema kwa kulitaja. Yule mwanasaikolojia alipomwona mjomba anayeishi nyumba moja na mtoto, akadhani familia imemchagua yeye. Akamkaribisha vizuri, na kila Jumamosi kazi iliponishika, akarudi yeye.

Shemeji ni mtu wa maneno. Alikuwa akitangaza mchezo kama mpira wa redioni. Kila jioni nilikuwa nasikia kutoka jikoni: "Ng'ombe anapanda lori, jamani, anapanda! Dereva amemfunga mkanda. Umemfunga taratibu sana, hongera!" Na mtoto wangu anacheka kicheko ambacho mimi sijawahi kukitoa kwake. Kung'ata kulipungua. Mwalimu alisema hivyo mwenyewe, na mimi nilichukia kwamba ni kweli.

Nikanunua nyumba ya wanasesere yenye ngazi na taa. Binti yangu akaibeba moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha shemeji. "Anko, toka tucheze."

"Mshukuru baba kwanza," shemeji alimwambia, kisha akanigeukia. "Shemeji, usinitazame hivyo. Ulinituma, nimefika."

"Nilikutuma usikilize."

"Eish, nilisikiliza. Ndiyo maana napendwa."

Ndipo nikaomba ruhusa kazini, nikaenda nao Jumamosi iliyofuata, nikaishia kwenye benchi. Mwanasaikolojia alipogundua mimi ni nani, alitoka nje.

"Kosa ni langu, Baba," alisema. "Niliona mwanamume amefika, nikafurahi, nikasahau kuuliza baba yuko wapi."

"Hamkuuliza tangu siku ya kwanza." Nikamwonyesha ukuta.

Aliutazama ukuta kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Akanipeleka nyuma ya kioo, na nikawaona shemeji na mtoto wangu magoti kwa magoti kwenye mkeka. Nilichunguza kila kitu ili nipate kasoro. Sikuipata. Mtoto alikuwa anamwegemea.

"Anafanya vizuri," mwanasaikolojia alisema, "na sitamwondoa, kwa sababu mtoto hapungukiwi akipendwa na wawili. Lakini wewe ndiye unayemlaza. Ingia."

Shemeji alitoka akiniachia nafasi, mimi nikaingia na kile kidude sikioni. Niliketi kwenye mkeka na suti yangu ya kazi. Mtoto akaendelea kupanga vibao bila kuniangalia.

"Hii ni rangi gani?" nikasema.

"Bila swali, Baba," sauti ikasema sikioni. "Sema unachoona."

"Kwa nini umeiweka hapo?"

"Hilo nalo ni swali."

Miaka yote nalipwa kwa kuuliza. Nikikata maswali, sina kitu kinywani. Nilifuata mkono wake kwa macho, kisha nikasema, "Unaweka kibao chekundu juu ya cha buluu."

"Vizuri," sauti ikasema. "Sasa msifie."

"Umekiweka kwa uangalifu."

Binti yangu aliinua kichwa. Akanitazama kama anavyotazamwa mgeni anayejua jina lako. "Anko anasema kwa nguvu," aliniambia, akarudi kwenye vibao vyake. Lakini hakunifukuza.

Sasa dakika tano za jioni ni zangu, na shemeji hubaki maktaba makusudi mpaka ziishe, ingawa akirudi hunitania mlangoni: "Mechi imekwishaje?" Kliniki wamebandika picha ya mwanamume ukutani, amebeba mtoto mgongoni, na amepigwa picha kutoka nyuma, kwa hiyo hana uso. Dada wa mapokezi siku hizi huniuliza mimi jinsi mtoto alivyolala.

Jana nilikaa kwenye mkeka kama kawaida. Nikasema ng'ombe anaingia kwenye nyumba ya wanasesere. Nikasema anapanda ngazi. Nilijaribu hata kupaza sauti kidogo, nikajisikia mjinga. Binti yangu alimfikisha ng'ombe kwenye ngazi ya juu, kisha akasimamisha mkono.

"Anko atarudi saa ngapi?"

Mimi siruhusiwi kuuliza, yeye anaruhusiwa. Nikataja nilichokiona: "Unamngoja Anko." Alikuwa bado amemshikilia ng'ombe hewani, macho yake yakiwa kwenye mlango wa chumba cha shemeji.