Dawa ya Kufunga

Binti yangu alipotimiza miaka kumi na moja na nusu alikuwa amefika sentimita mia moja sabini na mbili, nami nilikuwa nimefika mwisho wa akili zangu. Kila Ijumaa nilimsimamisha ukutani, kitabu kichwani, penseli mkononi, nikapiga mstari. Yeye hakuwa na habari. Alitoka ukutani, akaenda jikoni kumaliza ukoko wa wali.

Mimi mwenyewe ni mrefu. Shuleni wakiniita Mnara. Kwenye harusi wanawake wananiwahishia kiti, na si kwa heshima, ila wapate kumwona bibi harusi. Mume wangu nimemzidi sentimita nne, na picha zetu zote za harusi tumekaa. Sasa mtu aniambie nisiwe na wasiwasi!

Wifi yangu anayekaa mji wa Sib ndiye aliyenitia moto. Akaniambia kuna dawa wanapewa wasichana, wanaacha kurefuka. Nikatafuta daktari wa homoni wiki ile ile. Mara ya kwanza walimpiga mtoto picha ya mifupa ya mkono wa kushoto, wakamtoa damu, wakamtazama macho na moyo. Siku ya majibu, mama yangu alikuwa kishaingia garini kabla sijaukuta ufunguo.

“Nnakwenda na mimi,” akasema. “Nnataka kusikia kwa masikio yangu.”

Basi tukashuka mlima wa Al Amerat, tunakokaa, kwenda hospitali ya mjini, vizazi vitatu, yule wa tatu magoti yamegusa kidevu.

Daktari alikuwa dada wa makamo, ameanza kwa Kiarabu. Mama akamkatiza kwa swali lake la kila mahali: “Nyinyi watu wa wapi, mwanangu?”

“Wete, bibi,” akajibu kwa Kiswahili, na Kiarabu chetu kikaishia pale.

Akatuonyesha picha ya mkono. Zile nafasi nyeusi karibu na ncha za mifupa, akasema, ndipo mfupa unapokulia, na bado ziko wazi. Mkono unaonyesha miaka kumi na miwili. Makisio yake, mtoto atasimama kwenye mia na themanini na saba, zaidi au pungufu kidogo.

“Ana maradhi gani?” nikauliza.

“Hana. Mrefu tu.”

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya dawa. Akashusha pumzi.

“Ni homoni ya kike, kwa kipimo kikubwa, pamoja na nyengine ya kumletea hedhi. Inafunga mapema. Labda tutapunguza sentimita chache. Zamani ikitumika sana, siku hizi wengi wetu tumeiacha.”

Mama akainuka kitini. “Inafunga kizazi? Cha mjukuu wangu?”

“Mifupa, mama! Mifupa ndiyo inayofungwa!” Nilicheka mpaka machozi, nikamgeukia daktari tucheke pamoja. Hakucheka.

“Bibi hajakosea sana,” akasema. “Wanawake waliopewa dawa hii wakiwa wasichana walifuatiliwa. Wengi walizaa, lakini baadhi yao walipata tabu zaidi kushika mimba kuliko wenzao. Na kuna kichefuchefu, kunenepa, hata damu kuganda. Mtu akiwa mgonjwa, daktari hupima maradhi na hatari ya dawa. Huyu hana maradhi, hatari niipime na nini?”

Hasira zikanipanda. Aibu pia, maana mama alikuwa kishakaa, ameshika buibui lake, ananitazama kama mtu aliyemkuta mwanawe anaiba.

“Wewe daktari hujaitwa Mnara,” nikamwambia.

“Kweli. Na yeye ameitwa?”

Sote tukamgeukia mtoto. Naapa, miezi yote ile ya penseli na ukuta, sikuwahi kumuuliza.

“Wananiita nikacheze mpira wa wavu,” akasema. “Na wengine wanacheka. Wakicheka nnaudhika.” Akafikiri kidogo. “Suruali hazinitoshi. Hilo linaniudhi zaidi.”

Daktari akamwambia hapo hakuna haraka ya leo, twende nyumbani tuzungumze, na kwamba bila ya yeye mwenyewe kukubali hatoandika kitu. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile aliyosemea habari ya suruali:

“Daktari, mama angepewa dawa hii alipokuwa kama mimi, mimi ningekuwepo?”

Daktari alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa.

“Huenda,” akamjibu. “Sina hakika, mwanangu.”

Na miye ningeipokea, ile dawa. Nikiwa na miaka kumi na moja ningeimeza bila ya maji. Niliushika mkono wa mwanangu, ule wa kushoto, nikalia mbele ya watu, na yeye akawa ananiuliza kwani yeye amefanya nini.