Siku Niliyowaambia Watu wa Bulla Pesa Kwamba Hakuna Kosa

Nikiwasimulia hii mtacheka, na cheka tu, mimi mwenyewe nilishacheka kidogo kisha nikanyamaza, kwa sababu aibu yenyewe ingekuwa yangu peke yangu ningeizoea, lakini kuna mama mmoja pale mtaani kwetu Bulla Pesa ambaye mpaka leo nikimwona mbele nageuza njia, na mama huyo ndiye aliyenilisha nikiwa mdogo.

Mimi naitwa Dida, na kazi yangu ni kufundisha falsafa chuo fulani Nairobi. (Nyumbani Isiolo wameshachoka kuuliza falsafa ni nini, wanasema tu Dida ni mwalimu, basi.) Muhula huo nilikuwa nafundisha kitu kinaitwa nadharia ya kosa, na nilikuwa nimekipenda vile mtu hupenda simu mpya, kila mahali nakitoa mfukoni. Nikaja nacho nyumbani likizo.

Sasa, huyo mama ni Mama Talaso, jirani yetu. Binti yake Talaso aliolewa wiki chache kabla sijafika, na mama akataka wakwe wapokewe na maziwa ya ngamia kutoka kwa kaka yake aliye Korbesa, si ya kununua pale sokoni. Akamtuma binamu yangu Abdub, ambaye ana pikapu, na ambaye pia alikula kwake utotoni kama mimi. Abdub akaahidi. Akayachukua maziwa vizuri, lakini njiani akasimama Merti kutazama mpira, mpira ukaenda muda wa ziada, mitungi ikabaki juani nyuma ya gari, na alipofika mjini maziwa yalikuwa yanatoa harufu ambayo hata paka angefikiria mara mbili. Wakwe wakanywa strungi, chai kavu isiyo na maziwa. Harusi ya Mborana, mama wa bibi harusi, strungi! Siku hiyo Mama Talaso alizunguka na birika akiangalia chini.

Abdub alitaka kulipa yaishe. Mama akakataa. Alisema, "Sitaki kitu chake. Nataka asimame mbele ya wale walioniona nikiaibika, aseme alinikosea." Hilo tu. Na Abdub kusema neno hilo ni kama kung'olewa jino, kwa hivyo nilipofika mimi ndiye niliyemfuata asubuhi na jioni kumbembeleza mpaka akakubali. Hapo mniandikie thawabu, kwa sababu hakuna thawabu nyingine inakuja.

Tukakutana uani kwa Mama Talaso baada ya alasiri, turubai limefungwa juu, wamama wa mtaa kwenye mikeka, na upande mmoja wakwe kama watano, wametulia, wamekuja kwa heshima. Kikao kiliongozwa na Hajia Halima, mwenyekiti wa wamama. Dua ikasomwa. Abdub alikuwa tayari amesimama, mikono nyuma, mdomo umeanza kufunguka. Zilikuwa zimebaki sekunde tu. Ndipo Hajia akasema, "Ngoja kwanza. Dida, wewe ni msomi. Mweleze ndugu yako kidogo, kukosea mtu ni nini, ndiyo aombe msamaha akijua anaomba nini."

Ningesema, "Kukosea mtu ni hivi alivyofanya Abdub," nikae. Lakini niliwaona wale wakwe wananiangalia, nikaamua kusema kitu cha kuvutia. Uamuzi mdogo hivyo tu.

Nikaanza, "Kuna wanafalsafa wanaosema kwamba kosa, kwa kweli, halipo."

Wakwe wakainua vichwa. Nikadhani nimewashika.

Nikawaeleza, na niliwaeleza vizuri, hilo siwezi kujinyima. Nikasema Mama Talaso akisema "Abdub amefanya vibaya," si kwamba anatoa tu hasira, kama mtu aliyejikwaa na kusema "Aaa!", kwa sababu "aaa" haiwezi kuwa kweli wala uongo. Wala hasemi tu kwamba hivyo si desturi ya Waborana. Anasema jambo ambalo analiona ni kweli: kwamba kuna wajibu unaomfunga Abdub, atake asitake, umfaidi usimfaidi, awe wa kabila gani. Nikasema angalieni mpira, huko ofusaidi ni kweli kabisa, lakini ni kweli kwa aliye uwanjani, mtu anayepita na mbuzi zake huwezi kumpigia filimbi. Wajibu tunaozungumzia tunadai unamfunga hata aliye nje ya kila mchezo. Sasa tafuteni huo wajibu. Mtungi upo, jua lipo, maziwa yaliyoharibika yapo, uchungu wa mama upo. Wajibu wenyewe uko wapi, umetengenezwa na nini, unaonekana kwa jicho gani? Kitu cha namna hiyo kingekuwa cha ajabu kuliko vitu vyote tunavyovijua. Kwa hivyo, nikamalizia nikiwa nimeinua kidole (kidole!), kila tunaposema "hili ni baya" tunalenga ukweli na tunaukosa. Sentensi zote za namna hiyo ni za uongo. Ndiyo maana inaitwa nadharia ya kosa: kosa ni letu sisi, la kufikiri kwamba makosa yapo.

Abdub akageuka pole pole. Huyu kijana alifeli hesabu mara nyingi lakini hapo alikuwa mwepesi ajabu.

"Kwa hivyo wakisema nilikosea," akasema, "ni uongo."

"Ndiyo, lakini..."

"Mmesikia?" akawaambia watu. "Mwalimu amesema. Mnataka nisimame hapa niseme uongo mbele ya wazee? Mimi siwezi." Akachukua ufunguo wa gari kwenye meza.

Nikapiga kelele, "Abdub, ngoja, kuna nusu nyingine!" Na iko kweli! Nadharia haisemi kwamba alichofanya kilikuwa sawa. "Alikuwa na haki ya kukaa akitazama mpira," hiyo nayo ni sentensi ya uongo, kwa sababu ileile. Nikawa namfuata kuelekea mlangoni nikisema jiwe halijalala, lakini haimaanishi jiwe liko macho, kulala na kuwa macho yote hayalihusu jiwe, basi na "si vibaya" haimaanishi "una ruhusa"! Na kwamba mama ameumia ni kweli! Na kwamba uliahidi ni kweli! Na kama wewe mwenyewe unampenda, hiyo tayari ni sababu yako ya kumwomba msamaha, nadharia haiigusi! Na wengine kati ya hao hao wanafalsafa wanasema tuendelee kuongea lugha ya wema na ubaya kwa sababu inatusaidia kuishi pamoja! Yote hayo niliyasema nikitembea kinyumenyume mbele ya pikapu, mpaka Abdub akapiga honi, nikaruka, nikaangukia mkeka wa wakwe, kiwiko changu ndani ya sahani ya mahamri.

Nilipoinuka, Hajia Halima aliniuliza kwa upole uliouma kuliko tusi, "Dida, mwanangu, umetusaidia nini?"

Wakwe wakaaga. Mama Talaso aliingia ndani na kufunga mlango, hakuubamiza, aliufunga tu.

Mngedhani imeisha. Lakini mtu alikuwa amenirekodi, na klipu iliyozunguka Isiolo ilikatwa pale penye kidole: "Sentensi zote za namna hiyo ni za uongo." Hiyo nusu ya jiwe haikumpata mtu. Rafiki yangu Ekeno, Mturkana mwenye boda boda, alinisimamisha kwenye stage yao akasema, "Prof, umetrend mbaya," kisha akajirekebisha haraka, "sorry, hakuna mbaya," na stage nzima ikaanguka kwa kicheko.

Ijumaa nikaenda msikitini. Kutoka, viatu vyangu havipo. Nikatafuta, nikainama, nikahesabu mistari ya viatu vya watu, joto likapanda kichwani, na kabla sijajizuia nikapaaza sauti mbele ya umati wote, "Huu ni ubaya! Aliyechukua amenikosea!"

Halafu sauti kutoka nyuma, ya taratibu: "Mwalimu, hiyo si ni sentensi ya uongo?"

Nimewahi kuchekwa, lakini si namna hiyo, wazee wameshika nguzo, mpaka muadhini amefunika uso. Na ninawaambia ukweli, wakati ule nilipopiga kelele sikuwa na nadharia hata chembe. Nilikuwa na uhakika kwamba nimekosewa, kama nilivyokuwa na uhakika kwamba lami inachoma. (Najua, uhakika wa moyo si ushahidi, darasani ningesema hivyohivyo. Lakini ilichoma.) Na nikiwa naruka ruka kutafuta kivuli, nikaelewa Mama Talaso alichukuliwa nini. Maziwa alichukuliwa na Abdub. Lile neno la "nilikukosea" alilokuwa akilisubiri, alichukuliwa na mimi.

Nikaenda kwake hivyo hivyo, miguu mitupu. "Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam." Akaangalia miguu yangu. Aliingia ndani akatoka na slipasi za waridi za Talaso, zikaacha visigino vyangu nje. Nikakaa kwenye kiti kidogo.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Najuta sana."

"Kujuta naona unajuta," akasema. "Uso wako unaonyesha. Lakini ulinikosea ama hukunikosea?"

"Nilikukosea, mama."

"Ni kweli, ama unasema tu kunituliza?"

Na hapo, wapendwa, ndipo palikuwa penyewe. Neno moja tu lilihitajika. Lakini kichwa changu kikaenda palepale kinapoendaga, kikaanza kutafuta ule wajibu umetengenezwa na nini, kwa sababu hoja ile sijawahi kuipatia jibu, hata sasa sina, na sikutaka kumdanganya mama huyu kati ya watu wote. Nikasema, "Ni kweli," lakini nilikuwa nimechelewa, na yeye alikuwa ameuona ule mchelewo.

"Haya, mwanangu," akasema, akainuka kuanua nguo zake.

Abdub hajaomba msamaha mpaka leo, na mtu akimgusa anamwonyesha ile klipu. Mama Talaso ananisalimia vizuri tu, anauliza habari za Nairobi, ananiita Mwalimu. Zamani alikuwa ananiita Dida.

Nadharia bado naifundisha, na wanafunzi wanaipenda. Lakini nimeapa: nikikuta mtu amesimama na neno la msamaha limefika kooni, na mwenye kulisubiri ameketi mbele yake, wakiniomba nieleze chochote nitasema koo linaniuma, nitakaa chini, nimwache alitoe.